Gauni la sendofu halifungi, na fundi anasema vipimo ni vyangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Mwisho wa mwezi ujao mdogo wangu anafanyiwa sendofu na mimi ndiye nitakayemsindikiza kuingia ukumbini. Wifi yangu aliniunganisha na fundi wa Sinza ambaye kazi zake huziweka Instagram. Tulielewana kwa WhatsApp bila kuonana: gauni refu la lesi, la kubana, bitana ya satini, shilingi 180,000. Lesi nilinunua mwenyewe Kariakoo, yadi 4 kwa 72,000, nikamtumia kwa boda. Satini, zipu na neti ya shingoni ni vya kwake. Nilimtumia kianzio cha 100,000 kwa M-Pesa.

Aliniomba vipimo. Binti wa jirani akanipima, nikapiga picha karatasi na kuituma: kifua 38, kiuno 32, hipsi 42, urefu 56. Picha ya mshono nilimtumia pia, ina shingo ya V yenye neti. Katikati ya kazi akaniandikia kwamba neti ya rangi ile haipatikani, atatafuta mbadala. Nikamjibu, "Sawa dada."

Gauni limeletwa na boda nijaribu kabla ya kumalizia 80,000. Zipu inaishia katikati ya mgongo na pengo linabaki kama vidole viwili. Nikivaa mchuchumio, gauni linaishia juu ya kifundo cha mguu. Shingo ni ya duara, imeziba kabisa.

Nilipomwambia, alinijibu kwamba ameshona vipimo nilivyomtumia, advansi hairudishwi, na kama nataka marekebisho nimalizie 80,000 kwanza na kuongeza 30,000. Mimi nataka anirudishie 100,000 yangu na hela ya lesi. Kaka yangu anasema twende polisi. Rafiki zangu wanasema nimweke Instagram watu wamjue. Wifi analia nisimwaibishe rafiki yake. Silali vizuri, Shangazi. Nifanye nini?

Mwenye gauni, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Pole sana. Kumsindikiza mdogo wako ukumbini si jambo la kila mwaka, na naelewa kwa nini kila ukilitazama hilo gauni moyo unakuuma. Nimekaa kwenye cherehani miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua, na kwenye barua yako naona jambo moja linalowagombanisha wewe na fundi kuliko hata pesa: mnalibishania gauni zima kana kwamba lina kosa moja. Yeye anasema lote ni vipimo vyako, wewe unasema lote ni mkono wake. Lakini hapo kuna makosa matatu, na huenda kila moja limetoka mahali pake. Mkishayatenganisha, hata namna ya kuyalipa itabadilika.

Anza na kifua, maana ndicho kinachokuzuia kulivaa. Tafuta futi ya kamba, funga zipu mpaka juu gauni likiwa tupu, kisha lilaze mezani bila kulivuta. Pima kutoka chini ya kwapa moja hadi chini ya kwapa la pili, halafu zidisha mara mbili. Hicho ndicho kifua cha gauni, nacho si sawa na kifua cha mtu. Gauni la kubana lenye bitana ya satini, kitambaa kisichovutika, haliwezi kuwa inchi 38 kwa mtu wa 38. Lazima pawe na nafasi ya kuvuta pumzi, kunyanyua mikono na kukaa kitini. Wengi wetu huongeza inchi moja na nusu, wengine mbili. Kwa hiyo kwa namba uliyotuma, gauni linatakiwa kusoma kati ya 39 na nusu na 40.

Ukikuta 37, tatizo limetokea mezani kwa fundi, ama wakati wa kukata ama wakati wa kushona, na karatasi yako haihusiki. Ukikuta 40 na bado zipu haipandi, basi kifua chako siyo 38, na hapo maneno ya fundi yana uzito. Ukikuta 38 barabara, hapo ndipo penye ubishi. Atakuambia uliandika 38 akakupa 38. Mimi mafundi wenzangu siwaungi mkono katika hilo, kwa sababu kuongeza nafasi ni kazi ya fundi na mteja hana sababu ya kuijua, lakini ujiandae kuusikia ubishi huo.

Kabla hujamtumia namba yoyote, pimwa upya na wewe mwenyewe. Vaa sidiria utakayovaa siku ya sendofu, simama wima, mikono chini, pumzi ya kawaida, na aliyekupima ahakikishe futi imepita usawa mmoja mbele na mgongoni. Futi ikishuka nyuma, au ukapimwa na sidiria nyepesi ya nyumbani ilhali gauni unalijaribu na ile yenye sponji, namba zinahama kwa inchi nzima bila mtu kudanganya. Sisemi binti wa jirani alikosea. Nasema hatujui bado, wala wewe hujui, wala fundi hajui. Mpaka sasa hakuna aliyeshika futi.

Urefu nauona tofauti. Pima gauni kutoka kwenye kilele cha bega, pale karibu na shingo, hadi pindo la chini. Nikibahatisha, utakuta 56 au karibu yake. Ikiwa hivyo, fundi amefuata karatasi, na kinachokosekana ni inchi za mchuchumio. Mtu akipimwa miguu mitupu halafu akavaa kisigino cha inchi 3, gauni linapanda inchi 3. Sasa pitia maongezi yenu taratibu: aliwahi kukuuliza utavaa kiatu cha urefu gani? Wewe uliwahi kumtajia? Fundi makini anayeshonea watu asiowaona huuliza hilo kabla ya kukata, na pia huuliza urefu umepimwa kuanzia wapi. Kama hakuuliza na hukusema, siwezi kumbebesha yeye peke yake, wala wewe peke yako.

Shingo ndiyo inayonifanya nikuombe usome tena ile "Sawa dada" yako. Uliposema sawa, ulikubali nini? Ninavyosoma, ulikubali neti nyingine, ya rangi inayokaribiana. Kubadilisha V kuwa duara lililoziba si kubadilisha neti, ni kubadilisha mshono. Lakini huenda yeye alielewa kwamba umemwachia atafute namna, na alipokosa neti ya kusitiri kifua akaona ni heshima zaidi kupandisha shingo, hasa kwa dada wa bibi harusi. Muulize kwa maneno hayohayo, bila kumtuhumu: "Dada, ulipokosa neti, kwa nini uliamua duara?" Jibu lake litakusaidia kujua unashughulika na mtu aliyeteleza au mtu asiyejali.

Sasa geuza gauni ndani nje. Hili ndilo litakaloamua kama gauni linaokoka. Tazama mishono ya pembeni, kutoka kwapani hadi hipsi: baada ya mstari wa uzi kuna kitambaa kiasi gani kimebaki? Hiyo ndiyo akiba ya mshono. Kila pembeni ina vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, na pembeni ziko mbili. Kila kipande kikiachiwa nusu inchi, umepata inchi 2 nzima, na pengo lako la vidole viwili linaweza kuisha. Angalia na bitana pia, kwa sababu lesi ikiachiwa na satini isiachiwe, zipu haitasogea hata kidogo. Satini ikifumuliwa huacha alama za sindano, ila kwako iko chini ya lesi na hazitaonekana sana.

Kama fundi alipunguza karibu na uzi kisha akapitisha ovaloki, hakuna cha kuachia. Hapo zimebaki njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni kuingiza kipande chembamba cha lesi kila upande, kuanzia kwapani kushuka. Ya pili ni kutoa zipu na kuweka vitanzi na kamba mgongoni, na kipande cha satini nyuma yake cha kusitiri. Kamba hukupa hata inchi 3 au 4, na kwa gauni la sherehe hupendeza. Njia zote mbili zinahitaji kitambaa, kwa hiyo kuna swali ambalo sioni kama umelifikiria: mabaki ya lesi yako yako wapi? Ulitoa yadi 4. Kilichobaki baada ya kukata ni mali yako. Kiombe leo, kabla hakijageuka ukosi wa gauni la mtoto wa mtu. Hata ukirudi Kariakoo kwenye duka lilelile, mzigo mpya unaweza kuja na rangi iliyopishana kidogo, na kwenye mwanga wa ukumbi itaonekana.

Kwa urefu, mabaki hayohayo yanaweza kufanya kazi. Kama pindo la chini lina ule ukingo wa maua wa lesi, usikubali kuongezewa kitambaa chini yake, utaonekana kama umeunga. Ukingo hufumuliwa, kipande kinaingizwa juu yake kwenye mstari wa ua, kisha ukingo unarudishwa. Ni kazi ya subira. Na ipo njia isiyogharimu chochote kwa fundi: kiatu kifupi. Najua hukutaka kusikia hilo, lakini inchi 2 za kisigino ni inchi 2 za gauni.

Baada ya hapo ndipo pesa ijadiliwe. Kudai 100,000 pamoja na 72,000 kuna mantiki endapo gauni limeharibika kabisa, haliwezi kuokolewa, na kosa ni la fundi. Ukirudishiwa zote, naye gauni utamrudishia. Lakini fikiria hatari yake. Utakuwa na shilingi 172,000, kama atazilipa kwa mkupuo, na nasema kama, maana fundi wengi kianzio cha mteja ndicho kimenunua satini na kulipa umeme. Akilipa kwa vipande, sendofu itafika huna gauni na huna pesa kamili. Utaanza upya kwa fundi mwingine, msimu ambao kila fundi ana foleni.

Njia ya pili ni arekebishe yeye, kwa gharama yake kwenye yale yaliyo yake. Hapo ile 30,000 anayoidai haiwezi kukaa juu ya kila kitu. Kwa urefu, mnaweza kugawana gharama. Kwa kifua kilichosoma 37, sioni ulipie nini. Hatari ya njia hii ni kwamba mkono uliokosea ndio unaorudi kazini, na akifumua mara mbili lesi inaweza kuchoka ikaanza kuchanika kwenye mshono. Kwa hiyo usimrudishie gauni kwa boda. Nenda Sinza mwenyewe, na viatu na sidiria ya siku hiyo, akupime yeye kwa mkono wake, alipige pini ukiwa umelivaa. Nenda asubuhi ya Jumatatu au Jumanne. Kuanzia Alhamisi mafundi wa nguo za sherehe hawana masikio, wanakimbizana na Jumamosi.

Njia ya tatu ni kulipokea na punguzo, ukamalizie kwa fundi mwingine. Kiasi cha punguzo msikivute hewani. Peleka gauni kwa fundi mmoja au wawili wa karibu nawe Tabata, waulize tu bei ya kurekebisha kila kosa, wasiguse uzi. Tuseme wamekuambia kifua ni 40,000 na shingo 25,000. Kama yote mawili yameonekana ni ya fundi wa kwanza, basi kwenye 80,000 unayodaiwa unaondoa 65,000, unamlipa 15,000 na mnaachana salama. Kama kifua kimeonekana ni vipimo vyako, unaondoa 25,000 tu na kumlipa 55,000. Hesabu hiyo hata yeye anaweza kuikagua, na ndiyo maana naipenda kuliko kusema "nipunguzie kidogo".

Hiyo 80,000 iliyo mikononi mwako ni nguvu, na fundi anaijua, ndiyo maana anataka iingie kwanza. Usiitoe yote kabla ya kujaribu gauni lililorekebishwa. Lakini usiitumie vibaya pia. Ukilivaa gauni kwenye kikao cha familia, ukalifua, au ukampa fundi mwingine alifumue bila kumjulisha wa kwanza, itakuwa vigumu baadaye kusema ulilikataa. Lipige picha sasa: mgongo ukiwa na pengo, pindo ukiwa na viatu, shingo pembeni ya picha uliyomtumia, na futi ikiwa juu ya gauni. Kisha mwandikie ukiwa umetulia. Unaweza kusema hivi: "Dada, nimepima gauni, kifua kinasoma kiasi hiki na nilikupa 38. Shingo si ya picha. Urefu naomba tuongee. Naomba nije Jumanne asubuhi unipime, nione na mabaki ya lesi. Yaliyo ya vipimo vyangu nitayachangia, yaliyo ya ushonaji naomba uyarekebishe bila malipo. Ile 80,000 nitamalizia nikishajaribu."

Kuhusu neno lake "advansi hairudishwi", angalia lilikuja lini. Kama alikuambia kabla hujatuma pesa, lina maana fulani: ukighairi wewe, usimwache na satini aliyokwisha nunua. Kama limekuja baada ya wewe kulalamika, hamkukubaliana hivyo. Na kwa vyovyote, sioni kama linaweza kufuta wajibu wa kushona kile mlichoelewana. Makubaliano yenu ya WhatsApp na ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ushahidi wa namna hiyo. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa makubaliano haki ya fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo, lakini inaangalia pia kama naye alitumia njia zilizokuwepo za kuipunguza hasara. Ndiyo sababu ukikataa rekebisho la maana, ukaenda kununua gauni la 300,000 na kumpelekea yeye bili, huenda usisikilizwe kwa yote.

Kaka yako ana uchungu nawe, mshukuru. Ila kwa ulivyoniandikia, fundi hakukukimbia. Ameshona, ameleta, anajibu simu. Hayo ni madai, na polisi huenda wakakuambia hivyohivyo. Mkishindwana kabisa, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya namna hii na unaweza kwenda mwenyewe bila wakili, lakini haitamaliza kabla ya sendofu. Kumweka Instagram ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Ukiandika "tapeli" na kumbe kifua cha gauni kinasoma 40, umemharibia mtu riziki kwa jambo lisilo kweli, na Sheria ya Makosa ya Mtandao inaweza kukugeuzia kibao. Tena akishaaibishwa hadharani, hatakuwa na sababu ya kukufumulia hata uzi mmoja.

Na wifi. Nadhani analia kwa sababu amewekwa katikati, kila upande unamtuma maneno. Mwondolee kazi ya kubeba ujumbe. Mwambie hutamwaibisha rafiki yake, na kwamba unamwomba jambo moja tu: akusindikize Sinza siku ya kupimwa, aone futi kwa macho yake. Yeye anawafahamu nyote wawili, na mbele yake ni vigumu kwa wewe au fundi kuongeza chumvi.

Bado kuna jambo siwezi kukujibia. Hata likirekebishwa vizuri, utalivaa ukiwa na raha, au kila picha itakukumbusha ugomvi? Kama moyo umeshalikataa, ni afadhali ukubali mapema hasara fulani, kwa mfano umwachie sehemu ya kianzio kwa kazi na satini yake, uchukue gauni na mabaki ya lesi yako, ukatafute mshono mwingine wakati muda bado upo. Kama bado unalipenda, basi pambana kuliokoa, na mpe fundi tarehe ya mwisho angalau wiki mbili kabla ya sendofu, kwa maandishi. Akiipitisha hiyo tarehe kimya, mwandikie kwamba unalipeleka kwa fundi mwingine na gharama utaikata kwenye 80,000, kisha lipeleke siku hiyohiyo.

Shangazi